Taa za kamba kwenye balkoni ya kupanga: mwongozo kamili bila kutoboa ukuta wala kuzidisha mzigo kwenye soketi

Simu ninazopigiwa kuhusu taa hizi zinafanana mno. Mtu kanunua taa Kariakoo, kabandika ndoano za gundi ukutani Jumamosi mchana, jioni kapiga picha. Jumatano taa ziko sakafuni, na kila ndoano imeondoka na kipande cha rangi ya mwenye nyumba. Mwingine taa zake zimeshika vizuri, ila plagi imeanza kunuka.

Mimi ni fundi umeme hapa Dar es Salaam. Nitaeleza kazi nzima kwa kutumia balkoni moja niliyoifanya Sinza, ghorofa ya pili. Mpangaji, dada mmoja, alinipokea mlangoni na sharti moja: "Fundi, mwenye nyumba kasema hata tundu la msumari hataki kuliona." Balkoni ina upana wa mita 3.8 na kina cha mita 1.3. Mbele ina ukingo wa vyuma wenye kimo cha mita 1. Nyuma kuna dirisha na mlango, vyote vina grili. Kuta na dari zimepakwa chokaa. Balkoni za namna hii ziko maelfu mjini, kwa hiyo huenda yako haiko mbali na hiyo.

## Vifaa

Nunua baada ya kupima, si kabla. Hivi ndivyo tulivyotumia:

- Taa za kamba za LED za mita 10, zenye balbu 20 za plastiki na adapta yake. Kwenye boksi pawe na alama ya IP44 au zaidi, yaani taa zinastahimili kurushiwa maji.
- Miti miwili ya mwanzi mkavu, kila mmoja mita 2.2, unene wa kama mpini wa jembe.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli. Fundi baiskeli yeyote atakupa bure au kwa shilingi mia chache.
- Vifungo vya plastiki vya kukaza, vile vyenye meno, rangi nyeusi.
- Kamba nyembamba ya nailoni, mita 10.
- Futi ya kupimia, kisu au mkasi, na kitambaa.
- Ekstensheni moja nzuri, kama soketi iko mbali. Namna ya kuijua iliyo nzuri iko Hatua ya 6.

Vifungo vyeusi si kwa ajili ya urembo. Vile vyeupe vya kawaida jua la hapa linavikausha, na baada ya miezi michache vinakatika vyenyewe. Vyeusi vinastahimili zaidi.

Ndoano za gundi hazimo kwenye orodha. Zina mahali pake, lakini mahali hapo si ukuta wa chokaa.

## Hatua ya 1: Pima, kisha piga picha

Pima njia yote ambayo taa zitapita, pamoja na safari ya waya kutoka soketi hadi balbu ya kwanza. Hapo kwenye safari ndipo wengi wanaposahau. Pale Sinza soketi ilikuwa sebuleni, nyuma ya televisheni, mita 2.4 kutoka dirishani. Waya kutoka adapta hadi balbu ya kwanza ulikuwa mita 3. Ukitoa mita 2.4 za ndani, inabaki sentimita 60 ya kupita dirishani na kushika grili. Ilitosha kwa shida.

Njia ya taa ilikuwa hivi: kutoka juu ya grili ya dirisha kwenda pembe ya mbele kushoto, mita 1.3. Kisha mbele yote, mita 3.8. Kisha kurudi grili ya mlango, mita 1.3. Jumla mita 6.4. Ukiongeza ulegevu inafika kama mita 7, na zinazobaki tulizizungusha kwenye mti wa mwisho.

Piga picha kuta, dari na vyuma kabla hujagusa kitu. Zihifadhi. Siku ya kuhama ndizo zitakazosema kutu ile ilikuwepo zamani.

## Hatua ya 2: Chagua taa zenye adapta

Ziko aina mbili sokoni, na kwa macho zinafanana. Ya kwanza waya wake unatoka moja kwa moja kwenye plagi hadi kwenye balbu, yaani volti 230 zile zile za ukutani zinatembea hadi balkoni. Ya pili ina adapta, kile kiboksi kinachoshusha umeme hadi volti 5, 24 au 31.

Kwenye balkoni ya vyuma chukua ya pili, hata kama bei yake imezidi. Sababu ni rahisi. Waya unalala juu ya chuma, upepo unausugua, mvua inaulowesha. Siku ganda la waya likichubuka, waya wa volti 24 utakuzimikia tu. Waya wa volti 230 unaweza kuufanya ukingo wote wa chuma uwe na umeme, na ukingo huo mtoto anaushika kwa mikono miwili akichungulia chini.

Geuza adapta usome maandishi madogo. Ya dada wa Sinza ilisomeka hivi:

```
INPUT: 100-240V 50/60Hz
OUTPUT: 24V 0.5A
```

Zidisha 24 kwa 0.5 upate wati 12. Huo ndio uwezo wa adapta. Balbu zake 20 zinakula nusu wati kila moja, jumla wati 10. Umebaki upenyo mdogo tu. Ndiyo maana kumwunganishia kamba ya pili ya mita 10 isingefaa: mzigo ungekuwa wati 20 kwenye adapta ya wati 12. Ingewaka siku ya kwanza, na ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu inakudanganya. Inachemka polepole hadi inakufa. Kama boksi halikuandika kwamba kamba zinaweza kuunganishwa, na ngapi, usiunganishe.

Balbu za zamani za nyuzi zinazochemka ziache dukani. Kamba ya balbu 20 za wati 15 inafika wati 300, na kila balbu inaweza kuunguza kidole au pazia.

Jambo dogo la kando: chukua mwanga wa njano, si mweupe wa kibuluu. Wadudu huufuata ule mweupe zaidi, na wakati wa mvua utaelewa ninachosema.

## Hatua ya 3: Washa zikiwa sakafuni

Kabla ya kupandisha chochote, zitandaze sebuleni na uziwashe kwa saa moja. Tembeza vidole kwenye waya mzima zikiwa zimezimwa na plagi imetolewa. Tafuta mchubuko, balbu iliyolegea, au mahali waya unapoingia kwenye balbu ukiwa umeacha uwazi. Kasoro ukiigundua hapa unarudisha dukani. Ukiigundua juu, umeshakata vifungo.

## Hatua ya 4: Tafuta cha kushikilia

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo twende taratibu.

Kwa nini ndoano zinaanguka wakati taa ni nyepesi? Nilizipima taa za aina hii: mita 4 zilikuwa na gramu 400 tu. Ndoano imeandikwa inabeba kilo 1. Mtu anaona imetosha na kubaki. Lakini ndoano haibebi uzito tu, inabeba mvuto. Kamba iliyotandazwa mita 4 ukiiacha ilegee sentimita 20 katikati, kila upande unavutwa kwa nguvu kama ya kilo 1. Ukiikaza ili inyooke, ibaki na ulegevu wa sentimita 5, mvuto unapanda hadi kama kilo 4. Taa ni zile zile, uzito ni ule ule. Umeongeza mvuto mara nne kwa kutaka mstari ulionyooka.

Tena ile kilo 1 ya kwenye pakiti ni ya kitu kinachoning'inia kuelekea chini. Kamba ya taa inaivuta ndoano kwa pembeni na kwa mbele, yaani inaibandua kama unavyobandua stempu. Na nyuma ya gundi hakuna ukuta, kuna chokaa. Gundi haijawahi kuachia. Kilichoachia ni rangi.

Jaribu mwenyewe. Bandika kipande cha selotepu ukutani, kikandamize, kisha kivute. Kikirudi na unga mweupe, sahau ndoano kwenye ukuta huo. Kikirudi safi, na ukuta ni laini kama kigae, kioo au fremu ya aluminiamu, ndoano zinafaa. Hapo futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kandamiza ndoano sekunde 30, na usining'inize kitu hadi kesho yake.

Basi tegemea kilichojengwa tayari: grili, ukingo, nguzo. Kama mbele hakuna kitu cha juu cha kushika, kama pale Sinza, unasimamisha miti.

Kusimamisha mti wa mwanzi. Soma kwanza Hatua ya 5, maana taa zinafungwa mti ukiwa bado umelala sakafuni. Kata tyubu ya baiskeli kwa urefu upate ukanda wa upana wa vidole viwili, urefu wa kama mita 1. Simamisha mwanzi kwenye pembe, upande wa ndani wa ukingo, kitako kikiwa sakafuni. Zungushia ukanda wa tyubu ukiwa umeuvuta hadi unanyooka, mizunguko mitano au sita, ukishika mwanzi pamoja na chuma cha juu cha ukingo. Funga fundo. Rudia chini, kwenye chuma cha chini. Sehemu mbili, si moja. Mti uliofungwa sehemu moja unazunguka kama mkono wa saa.

Tyubu inashinda kamba hapa kwa sababu inang'ang'ania. Haitelezi kwenye chuma, haichubui rangi, na inaendelea kukaza hata mwanzi ukisinyaa kwa jua. Mwisho weka kifungo kimoja cha plastiki juu ya kila fundo kwa usalama.

Utajua umefanikiwa ukishika ncha ya juu ya mti na kuutikisa: ukingo mzima unatikisika nao, badala ya mti kucheza peke yake. Kama ukingo wenyewe umelegea au umekula kutu chini, acha. Mwambie mwenye nyumba, maana hilo ni jambo kubwa kuliko taa.

Kama balkoni yako ina ukuta mfupi wa matofali badala ya vyuma, tumia ndoo ya lita 20. Simamisha mti katikati, jaza mchanga mkavu, shindilia. Inapata uzito wa kama kilo 30. Iweke pembeni, ikigusana na ukuta kwa ndani. Usiipandishe juu ya ukuta hata siku moja, kwa sababu chini kuna watu.

## Hatua ya 5: Pandisha taa bila kupanda kiti

Ukingo wa mita 1 unakufika kiunoni ukiwa umesimama sakafuni. Panda kiti cha plastiki cha sentimita 45, ukingo huo huo unabaki wa sentimita 55, yaani unakugusa magotini. Ukiyumba kidogo, hauna cha kukuzuia. Sijali uko ghorofa ya ngapi.

Kwa hiyo kazi ya juu ifanye chini. Kabla ya kusimamisha miti, ilaze sakafuni na ufunge taa kwenye ncha zake kwa kifungo cha plastiki, bila kukaza hadi ganda la waya libonyee. Kifungo kinashika waya kati ya balbu na balbu, kamwe si kwenye shingo ya balbu. Ukisimamisha mti, taa zimepanda nao. Kwa upande wa grili panda kutokea ndani ya chumba, dirisha likiwa wazi, au tumia mpini wa ufagio wenye kikulabu cha waya kuinulia kamba.

Sasa kuna swali la kamba ya nailoni. Kwa taa ndogo nyembamba kama nyuzi huihitaji. Kwa taa zenye balbu kubwa, nyosha nailoni kwanza kutoka mti hadi mti, kisha taa zifungwe chini yake kila baada ya nusu mita. Mvuto wote uchukuliwe na nailoni. Waya wa umeme kazi yake ni kupitisha umeme, na ukiufanya ubebe mzigo, shaba ya ndani inakatika pale unapoingia kwenye balbu. Ndizo zile taa zinazowaka nusu, au zinazowaka upepo ukivuma.

Acha ulegevu wa sentimita 20 hivi katikati ya zile mita 3.8. Inapendeza hata kwa macho.

Usizungushe taa kwa nje ya ukingo. Na wala usianike nguo juu yake. Nacheka nikiandika, lakini taa tatu nilizowahi kutengeneza zilikatwa na mashuka mabichi. Shuka lililoloa ni kilo kadhaa, na umeshaona mita 4 za taa zinavyovuta zenyewe tu.

## Hatua ya 6: Umeme

Adapta inabaki ndani ya nyumba. Kinachotoka nje ni ule waya mwembamba wa volti ndogo peke yake. Ekstensheni haitoki balkoni, hata ukiifunga kwa mfuko wa nailoni. Mfuko hauzuii unyevu; unaufungia ndani pamoja na joto.

Tundu na plagi. Taa nyingi za bei nafuu zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, na soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa. Unajua kinachofuata: mtu anachukua kalamu, anaichomeka tundu la juu ili yale ya chini yafunguke, plagi inaingia. Inaingia, lakini haikai. Vyuma vinagusana kwa ncha tu, na pale panapogusana kwa shida ndipo panapochemka. Ile harufu niliyoitaja mwanzo mara nyingi inatoka hapo. Nunua kibadilishi cha plagi cha miguu mitatu chenye fyuzi ndani. Ukichomeka na kuachia mkono, plagi isichezecheze.

Kama taa zako zina plagi ya miguu mitatu inayofunguka, fungua uangalie fyuzi. Nyingi zina ya ampia 13, ambayo ni ya pasi na birika. Weka ya ampia 3. Waya mwembamba wa taa unaweza kuungua kabla fyuzi ya 13 haijashtuka.

Hesabu ya mzigo. Watu wananiuliza kama taa zitazidisha mzigo. Taa za wati 10? Hapana. Linalozidisha ni lile utakalochomeka kando yake. Pale Sinza ekstensheni moja ilikuwa na televisheni wati 90, king'amuzi 20, ruta 10, feni 55, chaja 20, na sasa taa 10. Jumla wati 205. Gawanya kwa 230, unapata kama ampia 0.9. Hakuna shida kabisa.

Kisha nikamwuliza dada anapiga pasi wapi. Akaonyesha ekstensheni ile ile. Pasi yake ni wati 1,200. Jumla inaruka hadi 1,405, sawa na ampia 6.1.

Nikamwonyesha maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la waya wa ekstensheni:

```
3 x 0.75 mm²
```

Waya wa unene huo hesabu yake ni ampia 6. Tayari umepita, na bado hajaja mgeni na birika la wati 2,000. Kwamba kichwa cha ekstensheni kimeandikwa 13A haisaidii. Kichwa kinaweza kubeba 13 na waya ukashindwa. Soma waya. Ulio mzuri umeandikwa 1.25 au 1.5. Usiokuwa na maandishi yoyote, mwepesi mkononi kama waya wa spika, usiununue.

Suluhisho lilikuwa la bure: pasi ilihamia soketi ya ukutani chumbani. Sheria ninayowapa wateja ni hii moja. Chochote kinachotengeneza joto kwa makusudi, pasi, birika, heta, jiko, kinakwenda ukutani peke yake. Vingine vinaweza kukaa pamoja.

Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Na ekstensheni ndefu usiiache imekunjwa kama nyoka nyuma ya kochi. Mikunjo inahifadhi joto la katikati.

Swichi ya kukata. Angalia kwenye boksi la sakiti breka kama kuna swichi yenye kitufe cha "T" au "TEST" na alama ya 30 mA. Hiyo ndiyo inayokata umeme ukivuja kupitia mwili wa mtu. Bonyeza kitufe, ikikata papo hapo, ni nzima. Isipokata, au ikiwa haipo, kuna sababu moja zaidi ya kutokutoa volti 230 nje.

## Hatua ya 7: Kupitisha waya dirishani

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yana kingo kali. Waya ukipita kwenye njia ya dirisha, kila ukifunga unaukata kidogo kidogo. Kwanza jaribu kwa karatasi: kunja karatasi mara kadhaa hadi ilingane na unene wa waya, iweke pale unapotaka kupitisha, funga dirisha, fungua. Ikitoka na alama ya kukatwa au haitoki kabisa, tafuta njia nyingine. Mara nyingi pembe ya chini ya wavu wa mbu, au nafasi kati ya vioo vya luva, inafaa. Upande wa bawaba za mlango haufai kamwe.

Upande wa nje, usiuingize waya moja kwa moja. Uache ushuke kwanza sentimita 15 chini ya tundu, ufanye tumbo, ndipo upande na kuingia. Maji yanafuata waya kama yanavyofuata jani la mgomba. Yakifika kwenye tumbo yanadondoka. Bila tumbo yanaingia ndani, na kituo chao ni adapta. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zinakuja na upepo na zinalowesha hadi ukuta wa nyuma, kwa hiyo usidhani dari ya balkoni itakukinga.

Balbu zote zitazame chini. Kama kuna kiungio cha waya njiani, kiinamishe nacho kitazame chini, kifungwe mahali pasipotuama maji.

## Hatua ya 8: Kukagua

Washa. Baada ya nusu saa gusa plagi, kibadilishi na adapta kwa mgongo wa mkono. Adapta kuwa vuguvugu ni kawaida. Plagi inatakiwa iwe baridi. Ukishindwa kuacha mkono sekunde tano, zima swichi ya soketi, toa plagi, na ujue kosa ni kugusana vibaya au adapta iliyozidiwa.

Rudi kukagua kesho yake, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mvua kubwa ya kwanza. Angalia vifundo vya tyubu, ulegevu wa kamba, na sehemu waya unapogusa chuma. Ukiona ganda limeanza kung'aa kwa kusuguliwa, funika chuma, si waya, kwa kipande cha tyubu. Waliopo karibu na bahari waangalie pia kiungio kila baada ya miezi miwili. Chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye shaba, na hapo taa huanza kufifia upande mmoja.

Ukiondoka nyumbani, toa plagi. Umeme ukikatika pia itoe, uirudishe dakika chache baada ya kurudi, kwa sababu unaporudi huja na mshtuko, na adapta hizi ndogo hufa kirahisi.

## Wasio na soketi karibu

Taa za volti 5 zenye plagi ya USB zinawaka kwa pawabenki. Ya 10,000 mAh ikiwasha taa za wati 5 inakwenda kama saa sita, ukiwa umeondoa upotevu. Kuna kero moja: baadhi ya pawabenki zinajizima zikiona mzigo ni mdogo mno, zikidhani simu imejaa. Jaribu dukani kwa dakika tano. Taa za sola nazo zinafaa ikiwa paneli yake inapata jua la moja kwa moja mchana; ikikaa kivulini mwa dari, zitawaka saa moja usiku na kuzima saa mbili.

## Siku ya kuhama

Toa plagi kwanza. Kata vifungo kwa mkasi, ukiuelekeza mdomo mbali na waya. Tyubu ifungue kwa mkono. Ikiacha weusi kwenye chuma cheupe, futa kwa kitambaa chenye sabuni ya kuoshea vyombo.

Kama ulibandika ndoano kwenye kigae au fremu, usizing'oe kwa kuvuta. Zipashe kwa mashine ya kukaushia nywele dakika moja, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake ukiusogeza kama msumeno. Gundi inakatika katikati, mabaki yanasuguliwa kwa spiriti. Yule dada wa Sinza alihama mwaka uliofuata. Mwenye nyumba alikagua balkoni kwa tochi, akarudisha amana yote, na miti miwili ya mwanzi akaomba abaki nayo.